Udongo ulioondolewa mara tatu

*Chama cha akina mama wa Kayole kilipewa bikyu ya Sh9.2 milioni. Jumla yake haikuwa mbali na ukweli. Hatari ilikuwa ndani ya kurasa.*

Katika ukurasa wa 9, udongo mweusi ulichimbwa na kuondolewa. Katika ukurasa wa 11 ukaondolewa tena. Na katika ukurasa wa 2, kabla jembe halijagusa ardhi, ulikuwa umeshaondolewa pamoja na takataka nyingine.

Aliyegundua hayo ni mweka hazina wa chama, mama anayeuza nafaka sokoni na ambaye hajawahi kusomea ujenzi. Alikuwa ameketi Jumamosi asubuhi mbele ya duka la vifaa huko Kayole, kikokotoo mkononi na bikyu mapajani. Bikyu ndilo jina ambalo watu wa mjengo huipa orodha ya vipimo na bei: kila kazi kwenye mstari wake, kiasi chake, kipimo chake, bei ya kipimo kimoja, na mwishoni pesa zake. Chama chao kina ploti ya futi 40 kwa 60, na walitaka kujenga bedsita 14 za kupangisha, sakafu ya chini na ghorofa moja.

"Mimi nikiuziwa gunia moja la maharagwe mara mbili nitajua," aliniambia. "Huu udongo nimeuziwa mara tatu."

Mhariri wangu alitaka nijue kama bikyu kama hiyo inaweza kukaguliwa na watu wasio wataalamu, na ni wapi lazima wamwite mtaalamu. Kwa wiki tatu niliifuata hiyo moja, nikiwa na mkadiriaji majenzi wa kutoka Buruburu aliyekubali kuipitia. Akina mama walimwita Injinia, kama kila mtu mwenye kofia ngumu anavyoitwa Eastlands, naye aliacha kuwasahihisha siku ya pili.

Kutoka chumba cha Dandora hadi ghorofa

Ujenzi wa mwenye ploti kujisimamia si mgeni huku. Mradi wa Dandora ulioanza mwaka 1975 kwa fedha za Benki ya Dunia uliwapa watu viwanja vyenye choo, bafu na bomba, kisha wakajijengea vyumba wenyewe kadiri mfuko ulivyoruhusu. Kwa chumba kimoja cha mawe, fundi na mwenye nyumba walielewana kwa mdomo. Leo ploti kama hizo zinabeba ghorofa, pesa zinatoka kwenye sako na vyama, na sako inataka karatasi kabla ya kutoa mkopo. Hivyo bikyu imeingia mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kuiona.

Wengi huifungua ukurasa wa mwisho. Chama hiki nacho kilifanya hivyo: kilipokea bikyu tatu kutoka kwa makontrakta watatu, kikalinganisha jumla tatu, kikachagua ya chini. Ni kosa linaloeleweka, kwa kuwa ukurasa wa mwisho ndio pekee wenye namba moja tu.

Maneno kwanza, namba baadaye

Turudi kwenye udongo. Sehemu kubwa ya Eastlands, kuanzia Donholm na Umoja hadi Embakasi, imekaa juu ya udongo mweusi wa pamba, ambao hufura ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Haujengewi sakafu juu yake. Huchimbwa wote, hupelekwa mbali, na pengo hujazwa mawe na maramu. Ndiyo maana katika bikyu za huku kazi za udongo huwa nyingi, na ndiyo maana ni rahisi kujirudia.

Mstari wa ukurasa wa 9 ulisema: chimba udongo mweusi kwa kina kisichozidi mita 1.5 na kuuondoa nje ya ploti, mita za ujazo 150, kwa Sh650. Jumla Sh97,500. Mstari wa ukurasa wa 11 ulisema: ondoa udongo uliochimbwa, mita za ujazo 186, kwa Sh450. Jumla Sh83,700. Ukurasa wa 2, katika kazi za awali, kulikuwa na kusafisha eneo na kuondoa taka na udongo, bei ya mkupuo, Sh60,000.

Mama mweka hazina alikuwa tayari kuifuta mistari miwili. Mkadiriaji alimzuia.

"Ngoja, mama," alisema. "Kuwa na mstari wa kuchimba na mwingine wa kuondoa si wizi. Ndivyo tunavyofundishwa kupima, kwa sababu udongo mwingine hurudishwa kujaza mitaro na mwingine huenda. Kosa liko kwenye maneno matatu ya mstari wa kwanza: *na kuuondoa nje*."

Kisha akauliza zile mita 186 zilitoka wapi. Walipofungua ukurasa wa 10 wakaona: 150 za shimo kubwa na 36 za mitaro ya msingi. Mstari wa mitaro ulisema kuchimba tu, bila kuondoa. Kwa hiyo mita 36 zilistahili kulipiwa safari ya lori, Sh16,200. Zilizolipiwa mara mbili ni zile 150, yaani Sh67,500. Katika mkupuo wa Sh60,000, kontrakta alikubali baadaye kwamba neno udongo halikuwa na kazi pale, akashuka hadi Sh40,000.

> Mistari iliyojirudia haifanani. Mmoja huja kwa mita, mwingine kwa mkupuo, na kila mmoja na maneno yake.

Hapo ndipo wengi hupotea. Wanatafuta mistari miwili yenye maneno yaleyale, nayo haipo. Mkadiriaji alituonyesha njia yake. Huchukua orodha nzima kwenye jedwali la kompyuta na kuipanga kwa kiasi badala ya kurasa. Namba zinazolingana hukusanyika pamoja, na hapo huanza kusoma maneno. Katika bikyu hii, 150 ilijitokeza mara nyingi, na mara nyingi kwa haki: eneo la sakafu ni mita 10 kwa 15, hivyo mawe ya kujazia, karatasi ya kuzuia unyevu na sakafu yenyewe vyote ni mita za mraba 150. Vivyo hivyo plasta na rangi hulingana kwa kuwa viko kwenye ukuta mmoja. Namba inakuonyesha pa kutazama, lakini kama kazi imerudiwa utalijua kwa kusoma maneno.

Mkupuo ndio mgumu zaidi, maana hauna kiasi cha kulinganisha. Kwa kila mstari wa mkupuo alimtaka kontrakta aandike kilichomo ndani. Yule alikuwa na mikupuo sita. Miwili ilikuja na maelezo marefu kuliko mingine yote, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa huu wa udongo.

Namba 9 inavyofichua

Hesabu zilikuwa na makosa matatu. Mawili yalimpendelea kontrakta, moja lilimuumiza.

Ukuta wa mawe ya Ndarugo wa sakafu ya chini ulikuwa mita za mraba 412 kwa Sh1,850. Zidisha mwenyewe: Sh762,200. Bikyu ilisema Sh792,200. Mkadiriaji alipoomba faili lenyewe badala ya karatasi, alikuta kwamba katika kisanduku hicho fomula ilikuwa imefutwa na namba kuandikwa kwa mkono. Njia yake ni kuongeza safu mpya pembeni, kiasi kikiwa safu ya C, bei safu ya E na pesa safu ya F, na kuandika hivi kwenye kila mstari:

```
=ROUND(C7*E7,0)-F7
```

Penye sifuri, mstari uko sawa. Katika bikyu nzima, ni kisanduku kimoja tu kilichokataa kuwa sifuri, kikasema -30,000.

Kosa la pili halikuwa ndani ya mstari bali katika kuvuka kurasa. Ukurasa wa 14 ulijumlishwa vizuri, Sh1,148,600. Ulipopelekwa kwenye muhtasari ukawa Sh1,184,600. Tofauti ni Sh36,000, na hapa kuna hila ya zamani ya wahasibu ambayo mama yule aliishika mara moja: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Hapa 4 na 8 zilipishana. Zile Sh30,000 za ukuta hazigawanyiki kwa 9, na kweli hapo hakuna kilichopishana. 6 iliandikwa 9.

La tatu ndilo lililozua mjadala. Jumla ya sehemu ya msingi ilikuwa na fomula `=SUM(F4:F18)`. Lakini sehemu hiyo ilikuwa na mistari hadi wa 19. Mtu aliongeza mstari mwishoni na jumla haikuuona. Mstari huo ulikuwa wa mawe ya kujazia chini ya sakafu, unene wa milimita 300, mita za mraba 150 kwa Sh760: Sh114,000 ambazo kontrakta alijisahau mwenyewe.

Kulikuwa na kimya pale mezani. Mmoja wa akina mama akasema tunyamaze, kosa ni lake na sahihi ni yake.

Mkadiriaji alikataa, na sababu yake haikuwa ya huruma. Kontrakta akigundua kazini kwamba mawe ya kujazia hayana pesa, alisema, atayatafutia njia. Milimita 300 zitakuwa 150, zitafunikwa kwa zege siku hiyohiyo, na hakuna atakayeona. Juu ya udongo mweusi, sakafu kama hiyo hupasuka mvua kubwa ikipita. Wapangaji watakuwa wameshaingia.

Walipiga kura. Kosa likasemwa.

Serikali imefunga, watu binafsi wako wazi

Kama bikyu hii ingekuwa ya darasa la shule ya umma huko Embakasi au Makadara, mjadala ule usingefanyika. Kifungu cha 82 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 kinasema kiasi kilichosomwa siku ya kufungua zabuni ni cha mwisho, hakisahihishwi na yeyote. Kanuni za mwaka 2020 zilikaza zaidi: kukosea kuzidisha au kujumlisha kukahesabiwa kuwa dosari kubwa ya kuiangusha zabuni yenyewe.

Wanaoitetea sheria hiyo wanasema kusahihisha hesabu baada ya bahasha kufunguliwa ni mlango wa nyuma: ofisa anaweza kumpandisha au kumshusha amtakaye kwa kisingizio cha kikokotoo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ina gharama yake pia. Makontrakta niliozungumza nao Umoja walisema mwenye bei nzuri anaweza kuanguka kwa kisanduku kimoja, na kazi ikaenda kwa mwenye hesabu safi na bei mbaya. Kwingineko, katika zabuni za miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia, kanuni ya kawaida ni kwamba bei ya kipimo na jumla ya mstari zikigongana, bei ya kipimo ndiyo inayotawala, na mzabuni huulizwa kama anakubali masahihisho.

Mwenye ploti hafungwi na hayo yote. Kinachomfunga ni alichosaini. Akisaini bila kusema kipi kinatawala kati ya bei ya kipimo na jumla, atakuja kulijua siku ya kulipana, na mara nyingi kila upande utachagua kile kinachoufaa.

Jumla haikusema kitu

Sasa tukusanye. Udongo uliorudiwa, Sh67,500. Mkupuo ulioshuka, Sh20,000. Hesabu mbili zilizozidi, Sh66,000. Toa mawe yaliyosahauliwa, Sh114,000. Baki ni Sh39,500 katika mradi wa Sh9.2 milioni.

Ni hapo nilipoelewa kwa nini mkadiriaji hakuwa amefurahi bado. Ukisahihisha kila kitu nilichoeleza hadi sasa, jumla inabaki karibu palepale. Mtu aliyeangalia ukurasa wa mwisho tu angesema hakupoteza mengi, na angekuwa amekosea sana.

"Makosa haya ni ya mtu aliyechoka usiku," alisema. "Bei za kipimo ni za mtu aliyekuwa macho."

> Zege ni lilelile, lakini chini lina bei ya Sh18,500 na juu Sh9,500.

Alifungua kurasa tatu na kuziweka sambamba. Zege la msingi, mita za ujazo 22 kwa Sh18,500. Zege la slabu ya ghorofa, Sh13,200. Zege la mkanda wa juu na linta, mita za ujazo 9 kwa Sh9,500. Mchanganyiko ni mmoja, saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne.

Je, bei halali ni ipi? Hili mtu anaweza kulikokotoa akiwa dukani, na tulilikokotoa. Mita moja ya ujazo ya zege hilo hula mifuko 6.5 hivi ya saruji ya kilo 50, pamoja na ya kupotea. Dukani tuliambiwa Sh750 mfuko, hivyo Sh4,875. Mchanga robo tatu ya tani kwa Sh2,400 tani ni Sh1,800. Kokoto tani 1.4 kwa Sh1,900 ni Sh2,660. Vifaa vyote: Sh9,335. Vibarua, maji na mashine ya kuchanganya aliviweka Sh2,000. Inakuwa Sh11,335. Ongeza asilimia 15 ya gharama za ofisi na faida, unafika Sh13,000 na kidogo.

Bei ya slabu, basi, ilikuwa ya haki. Ya msingi ilizidi kwa Sh5,500 kila mita, Sh121,000 kwa mita 22. Ya mkanda ilikuwa chini hata ya gharama ya vifaa na vibarua, hasara ya Sh1,835 kila mita. Na kawaida zege hupanda bei kadiri linavyopanda juu, kwa sababu kuna kulipandisha.

Watu wa kazi hii huita hilo kupakia mbele. Kazi za mwanzo hubeba faida yote, za mwisho hubeba hasara. Jumla haibadiliki, kwa hiyo zabuni inashindana vizuri. Lakini kufikia slabu kontrakta ameshapokea faida ya jengo zima, na kila siku anayobaki anapoteza. Majengo yanayosimama kwenye slabu na nondo zikishika kutu si machache Eastlands. Siwezi kusema yote yalisimama kwa sababu hii, lakini tangu siku hiyo nikiyapita natamani kuona bikyu zake.

Nilimuuliza kontrakta. Hakukana. Alisema duka halimpi saruji kwa deni, mwenye ploti hatoi pesa za kuanzia, vibarua hulipwa kila Jumamosi. "Wewe ungepata wapi pesa za msingi?" aliniuliza. Lilikuwa swali la kweli, na chama kililijibu kwa kweli: kikakubali kutanguliza pesa za saruji na nondo za msingi, zikatwe kidogokidogo katika malipo yanayofuata. Naye akashusha zege la msingi hadi Sh14,000 na kupandisha la mkanda hadi Sh14,500.

Mstari mdogo kuliko yote

Ukabaki mmoja. Ukurasa wa 9, chini kabisa: ziada ya kuchimba mwamba, mita ya ujazo 1, Sh9,500.

Karibu hakuna aliyeutazama. Sh9,500 ndani ya milioni 9 ni nini? Lakini ile 1 si kipimo, imewekwa kushikilia nafasi tu. Hakuna ajuaye kuna mwamba kiasi gani hadi shimo lichimbwe, hivyo kinachokubaliwa ni bei, na kiasi kitajaa baadaye. Na chini ya udongo mweusi wa pande hizi kuna mwamba wa volkano, wakati mwingine mita mbili chini, wakati mwingine chini ya goti.

Bikyu zile mbili zilizokataliwa zilikuwa na Sh3,800 na Sh4,200 kwa kazi hiyohiyo. Mshindi alijua, au alibahatisha, kwamba mstari huo utakua. Hapa mkadiriaji alikuwa mkali kuliko kwingine kote. Alitaka bei ishuke hadi Sh4,000, na yaandikwe maneno mawili zaidi: mwamba ni ule ambao sululu haiwezi, na utapimwa na pande mbili kabla ya kuvunjwa. Bila hayo, alisema, tutalipia mwamba ulioshavunjwa na kupakiwa, kwa hesabu ya malori. Na kwenye lori kila kitu hufura: udongo wa shimo la mita 150 hujaza malori ya karibu mita 200.

Kontrakta alisaini. Niliondoka Kayole nikidhani makala imekwisha.

Siku kumi baadaye mama mweka hazina alinipigia simu. Sululu ilikuwa imegonga jiwe kwenye pembe ya nyuma. Nilipofika, vibarua walikuwa wameketi kivulini, jiwe limefagiliwa likang'aa, na kwenye shimo walikuwa watu wawili: yeye ameshika ncha moja ya futi, kontrakta ya pili. Mita 7 kwa 5, kina cha sentimita 40. Mita za ujazo 14. Kwa bei mpya ni Sh56,000. Kwa ile ya kwanza ingekuwa Sh133,000.

Aliandika vipimo kwenye daftari lake la nafaka, akamwomba kontrakta asaini chini yake, akasaini na yeye, kisha akapanda kutoka shimoni na kuwaambia vibarua waanze.